Daraja Lisilosawazika: Pembetatu Inapogeuzwa Nyota

Chukua rezista tano na betri ya volti 12. Nne zipange kwa umbo la almasi, ya tano ipitishe katikati kutoka pembe ya kushoto hadi ya kulia, kisha unga betri juu na chini. Mtu aliyefundishwa kujumlisha rezista za mfululizo na kukokotoa zile za sambamba ataitazama sakiti hiyo na kukosa pa kuanzia. Hakuna rezista mbili zinazofuatana bila waya wa tatu kuchepuka kati yake, kwa hiyo hakuna mfululizo. Hakuna pia mbili zilizoungwa kwenye ncha zilezile, kwa hiyo hakuna sambamba. Ukizilazimisha kanuni hizo mbili utapata jibu, ila halitakuwa la sakiti hii.

Sakiti yenyewe ni ya zamani. Mwingereza Samuel Hunter Christie aliieleza mwaka 1833, na miaka kumi baadaye Charles Wheatstone akaifanya ijulikane. Wheatstone mwenyewe alitaja kwamba wazo ni la Christie, lakini jina lililobaki midomoni mwa watu ni daraja la Wheatstone. Kazi yake ilikuwa kupima ukinzani usiojulikana. Katikati ya daraja, mahali pa ile rezista ya tano, uliwekwa galvanomita, kifaa chenye mshale unaogeuka hata kwa mkondo mdogo sana. Mpimaji alirekebisha rezista moja taratibu mpaka mshale ukatulia kwenye sifuri. Hapo alijua kwamba uwiano wa rezista za upande wa kushoto umelingana na uwiano wa zile za kulia, na ile asiyoijua akaipata kwa hesabu ya kugawanya tu.

Daraja likisawazika namna hiyo halimsumbui mtu. Katikati hapapiti mkondo, hivyo rezista ya kati unaweza kuiondoa kwenye mchoro na hesabu isibadilike. Taabu huanza pale uwiano unapokataa kulingana na katikati pakapita mkondo. Huo ni mkondo gani, na betri inatoa ampea ngapi kwa jumla?

Tuitie sakiti yetu namba. Pembe ya juu iite A, ya kushoto B, ya kulia C na ya chini D. Kutoka A hadi B weka omu 20, na kutoka A hadi C omu 30. Rezista ya katikati, kati ya B na C, ni ya omu 50. Chini, kutoka B hadi D ni omu 35, na kutoka C hadi D ni omu 15. Betri ya volti 12 ina ncha chanya kwenye A na hasi kwenye D. Kagua uwiano kwanza, maana ukilingana huna haja ya kusoma zaidi: 20 kwa 35 ni kama 0.57, na 30 kwa 15 ni 2. Hazikaribiani hata kidogo. Daraja halijasawazika.

Sasa tazama nusu ya juu ya almasi. Rezista tatu, za AB, AC na BC, zinafanya pembetatu, ambayo kwa lugha ya mafundi ni delta, kwa kufuata umbo la herufi ya Kigiriki. Chukulia kwamba pembetatu hiyo imefungiwa ndani ya boksi na nje zimetokeza nyaya tatu tu, A, B na C. Sakiti iliyobaki, yaani betri na rezista mbili za chini, haioni kilichomo ndani. Inahisi tu ukinzani uliopo kati ya nyaya hizo. Je, inawezekana kuweka ndani ya boksi kitu kingine, chenye umbo jepesi kukokotoa, bila walio nje kugundua?

Mwaka 1899 Arthur Kennelly, mhandisi aliyezaliwa Bombay na kufanya kazi kwa miaka kadhaa kwenye maabara ya Thomas Edison, alichapisha jibu katika jarida moja la umeme la Marekani. Inawezekana, na kitu hicho ni nyota: rezista tatu zinazotoka kwenye nukta moja ya katikati, kila moja ikielekea kwenye pembe yake.

Namba za nyota hiyo hupatikana kwa kupima boksi kutoka nje. Shika mita ya omu, gusa A na B, na uache C ikining'inia bila kuungwa popote. Ndani ya pembetatu mkondo una njia mbili: ya moja kwa moja yenye omu 20, na ya kuzunguka kupitia C yenye 30 na 50, jumla 80. Njia hizo ni sambamba, kwa hiyo mita itasoma 20 mara 80, gawanya kwa 100, sawa na omu 16. Fanya hivyo kati ya A na C: 30 sambamba na 70, omu 21. Kisha B na C: 50 sambamba na 50, omu 25.

Nyota nayo lazima itoe masomo hayohayo. Ukigusa A na B za nyota, mkondo unapita mkono wa A kisha mkono wa B, na mkono wa C haupitishi kitu. Kwa hiyo mkono wa A ukijumlishwa na wa B lazima viwe 16, wa A na wa C viwe 21, na wa B na wa C viwe 25. Jumlisha 16 na 21 upate 37. Ndani ya 37 mkono wa A umehesabiwa mara mbili, na mikono ya B na C mara mojamoja. Toa 25, inabaki 12, ambayo ni mikono miwili ya A. Basi mkono wa A ni omu 6, wa B ni 10 na wa C ni 15. Kwa rezista za kawaida masomo hayo matatu yanatosha. Boksi mbili zikilingana kwenye vipimo hivyo, hakuna sakiti ya nje itakayoweza kuzitofautisha.

Ukirudia kazi hiyo kwa herufi badala ya namba, utapata kanuni iliyomo kwenye kila kitabu cha umeme:

```
mkono A = (AB × AC) / (AB + BC + AC)
mkono B = (AB × BC) / (AB + BC + AC)
mkono C = (AC × BC) / (AB + BC + AC)
```

Usiikariri kwa herufi, kwa sababu kwenye mtihani herufi zitabadilika. Ishike kwa umbo. Mkono unaoelekea kwenye pembe fulani ni zao la pande mbili zinazokutana kwenye pembe hiyo, gawanya kwa jumla ya pande zote tatu. Kwa A, pande zinazokutana ni 20 na 30, zao 600, jumla ya pande ni 100, jibu 6. Wanaochanganya kanuni hii mara nyingi wamechukua upande wa mkabala na pembe badala ya zile zinazoigusa, na wanaweza kujigundua haraka: mikono miwili yoyote ya nyota haiwezi kujumlishwa ikazidi upande wa pembetatu unaoziunganisha pembe hizo mbili. Sita na kumi ni 16, na upande wa AB ni 20, kwa hiyo tuko salama. Ukipata nyota yenye mikono mirefu kuliko pembetatu iliyoizaa, futa uanze upya.

Rudi kwenye daraja. Futa pembetatu ya juu, chora nyota mahali pake, na nukta ya katikati iite N. Ghafla sakiti inasomeka. Kutoka A hadi N ni omu 6. Kutoka N kuna njia mbili za kushuka hadi D: ya kushoto ina mkono wa B wenye omu 10 ukifuatiwa na rezista ya 35, jumla 45. Ya kulia ina 15 ikifuatiwa na 15, jumla 30. Hizo mbili ni sambamba: 45 mara 30, gawanya kwa 75, sawa na 18. Ongeza zile 6 za juu na ukinzani wote unaoonwa na betri ni omu 24. Volti 12 kwa omu 24 ni nusu ampea.

Nusu ampea hiyo inafika N na kugawanyika. Njia yenye ukinzani mdogo huchukua sehemu kubwa, hivyo kushoto kunapita ampea 0.2 na kulia ampea 0.3.

Hapa ndipo wengi huweka kalamu chini, na hapa ndipo kazi hasa imebaki. Tuliuliza mkondo wa katikati, ule unaopita kwenye rezista ya omu 50, lakini rezista hiyo haimo tena kwenye mchoro. Tuliifuta pamoja na pembetatu. Hakuna mkono wowote wa nyota unaobeba mkondo wake. Nimeona majibu mengi ya wanafunzi yanayosema mkondo wa daraja ni 0.1, yaani tofauti ya 0.3 na 0.2, na sababu ni hiyohiyo: wanatafuta ndani ya nyota kitu ambacho nyota haina. Boksi mbili zinafanana kwa nje tu. Ndani ni vitu viwili mbalimbali, na nukta N haipo popote kwenye sakiti ya kweli.

Kinachobaki sawa ni volti za pembe tatu, A, B na C, kwa sababu pembe hizo ziko nje ya boksi. Basi zitafute hizo. Chini kushoto, ampea 0.2 zinapita kwenye omu 35, kwa hiyo B iko volti 7 juu ya D. Chini kulia, ampea 0.3 kwenye omu 15 ni volti 4.5, na hiyo ndiyo C. Sasa achana na nyota, rudisha pembetatu yako, na uandike volti hizo kwenye pembe zake. Kati ya B na C kuna tofauti ya volti 2.5 juu ya rezista ya omu 50: mkondo ni ampea 0.05, au miliampea 50, ukitoka B kwenda C. Kwenye AB kuna volti 5 juu ya omu 20, ampea 0.25. Kwenye AC kuna volti 7.5 juu ya omu 30, nazo ni ampea 0.25.

Ukaguzi ni wa dakika moja na haupaswi kurukwa. Kwenye B zinaingia ampea 0.25, zinatoka 0.2 kushuka chini na 0.05 kuvuka daraja. Sawa. Kwenye C zinaingia 0.25 kutoka juu na 0.05 kutoka darajani, zinatoka 0.3. Sawa. Kutoka A zinatoka 0.25 na 0.25, ile nusu ampea ya betri. Hesabu ikifunga kwenye makutano yote namna hii, huna haja ya kumuuliza mwalimu.

Kuna kosa jingine ambalo ni la hila zaidi, kwa sababu linaonekana kama njia ya mkato yenye akili. Mtu anaiondoa rezista ya kati, anakokotoa volti za B na C bila hiyo, kisha anaigawanya tofauti kwa 50. Bila rezista ya kati, upande wa kushoto ni 20 na 35 za mfululizo, kwa hiyo B ingekuwa volti 7.64. Kulia ni 30 na 15, na C ingekuwa volti 4. Tofauti ni 3.64, gawanya kwa 50, anapata miliampea 73. Jibu sahihi ni 50. Kosa ni kudhani kwamba volti za B na C zitangoja palepale rezista itakaporudishwa. Hazingoji. Mara mkondo unapoanza kuvuka, unaivuta B chini na kuipandisha C, na pengo la 3.64 linapungua hadi 2.5.

Jambo hilo unaweza kuliona kwa macho kwenye meza, kwa gharama ndogo. Ila usitumie namba zetu kama zilivyo. Kwenye rezista ya omu 30 ampea 0.25 hutoa joto la karibu wati 1.9, na rezista ndogo za robo wati zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki zitaanza kunuka kabla hujasoma mita. Zidisha kila kitu kwa 100: omu 2000, 3000, 5000, 3500 na 1500. Mikondo itapungua mara mia, lakini volti zitabaki zilezile. Zote tano unaweza kuziunda kwa rezista za 2000, 3000 na 1500 pekee, kwa kuwa 5000 ni 2000 na 3000 za mfululizo, na 3500 ni 2000 na 1500. Weka mita ya volti kati ya B na C na utasoma karibu 2.5, ikizidi au kupungua kidogo kwa sababu rezista zenye mstari wa dhahabu zinaruhusiwa kukosea hadi asilimia tano. Acha ncha za mita zikigusa, kisha chomoa upande mmoja wa rezista ya kati. Namba itaruka hadi karibu 3.6. Irudishe, itashuka.

Mtu mwenye hamu zaidi anaweza kujenga na ile nyota, kwa omu 600, 1000 na 1500, akaiweka mahali pa pembetatu. B na C zitasoma kama mwanzo. Katikati, kwenye N, mita itasoma volti 9. Hiyo ni nukta ambayo sakiti ya awali haikuwa nayo kabisa. Jambo lililonivutia mimi ni joto: ukijumlisha wati zinazopotea kwenye rezista tatu za pembetatu unapata 3.25 kwa namba zetu za mwanzo, na ukijumlisha za nyota unapata 3.25 vilevile, ingawa mgawanyo kati ya rezista na rezista haufanani hata kidogo.

Safari ya kurudi, kutoka nyota hadi pembetatu, ina kanuni yake. Zidisha mikono miwili miwili na ujumlishe mazao yote matatu. Kwa nyota yetu ni 60, 150 na 90, jumla 300. Kila upande wa pembetatu ni 300 gawanya kwa mkono ulio mkabala nao. AB iko mkabala na mkono wa C wenye 15, kwa hiyo ni 20. AC ni 300 kwa 10, yaani 30, na BC ni 300 kwa 6, yaani 50. Tumerudi tulikotoka.

Mafundi wa mota watakuwa wamesikia maneno haya mahali pengine. Mashine kubwa za kusaga na pampu za maji za fezi tatu mara nyingi huwashwa kwa sta-delta, na wapo wanaodhani ni jambo moja na hili. Yanahusiana, lakini si kitu kimoja. Katika hesabu yetu umbo linabadilika na namba zinabadilika nalo ili nje pasitambue tofauti. Katika kuwasha mota, koili ni zilezile tatu, zinaungwa upya tu, na lengo ni nje patambue tofauti. Delta yenye pande sawa hulingana na nyota ambayo kila mkono ni theluthi ya upande. Sasa koili zilezile zikiungwa nyota bila kupunguzwa, ukinzani unaoonwa na laini ya umeme ni mara tatu ya ule wa delta, na mkondo wa kuwashia unashuka hadi theluthi. Nguvu ya mzunguko wa kuanzia nayo hushuka hadi theluthi, ndiyo maana mota yenye mzigo mzito inaweza kugoma kuanza ikiwa kwenye nyota.

Mbinu hii ina mipaka, na ni vizuri kuijua. Inafaa kwa rezista ambazo ukinzani wake haubadiliki kwa mkondo. Ukiweka balbu ya waya au dayodi kwenye upande mmoja wa pembetatu, namba zako zitapitwa mara tu mkondo utakapobadilika. Ukiwa na betri ndani ya upande wa pembetatu, kanuni hii peke yake haitoshi. Na usijaribu kuipanua kwa pembe nyingi: nyota ya mikono minne unaweza kuigeuza kuwa umbo ambalo kila pembe imeunganishwa na kila nyingine, lakini umbo hilo lina rezista sita, na namba sita zilizochaguliwa ovyo haziwezi kurudishwa kuwa nne.

Wapo pia wanaoiona mbinu nzima kuwa ya kizamani, kwa kuwa milinganyo ya Kirchhoff hutatua daraja lolote bila kufuta kitu. Kwa sakiti yenye makutano kumi nakubaliana nao, hapo kugeuza maumbo ni kujitafutia makosa. Kwa daraja moja, karatasi moja na kalamu, nyota bado ndiyo njia fupi, mradi usisahau kurudi kwenye pembetatu kabla ya kutaja mkondo wa kati.

Ukitaka kujipima, acha pembetatu ya juu kama ilivyo na ugeuze ile ya chini, B, C na D, yenye pande za 35, 15 na 50. Mikono ya nyota itakuwa omu 17.5 kuelekea B, 7.5 kuelekea C na 5.25 kuelekea D, na safari hii njia za kushoto na kulia zitalingana kabisa. Ukinzani wa jumla ni lazima uwe omu 24. Ukipata namba nyingine, kagua kwanza mkono wa D.